Wawili kati ya sitini: kisa cha upimaji wa kichocho na kengele iliyolazimishwa

Kisa hiki kinatoka katika shule moja ya msingi ya mwambao. Majina ya watu, shule, kata na taasisi yameondolewa. Mimi niliingia katikati ya safari, nilipoombwa kuisoma ripoti kwa jicho la takwimu kabla haijapelekwa kikaoni. Nimekiandika kwa ajili ya wale wanaofanya hesabu za asilimia kila siku kwenye kazi za afya, elimu au kilimo, na ambao waliwahi kufundishwa kwamba sampuli ikishapita 30 hakuna cha kuhofia.

## Usuli

Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo wanaopitia kwa konokono wa maji baridi. Konokono huwaachia wadudu wachanga majini, nao humpenya ngozi mtoto anayeoga, anayechota maji au anayevuka kijito. Upimaji wake ni wa kawaida: mkojo huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Mililita 10 hupitishwa kwenye chujio, kisha mtaalamu wa maabara hutafuta mayai kwa hadubini.

Kata yenye shule hii ilikuwa imepata kingatiba ya prazikwanteli kila mwaka kwa miaka kadhaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaweka mpaka kwenye 10%. Jamii ambayo maambukizi yake yamefika 10% au zaidi inapewa kingatiba kila mwaka. Ikiwa chini ya hapo, na imekuwa ikipata kingatiba mfululizo, inaweza kuendelea vilevile au kupunguza idadi ya mizunguko. Kwa hiyo swali la timu lilikuwa moja: kata hii bado iko juu ya 10% au imeshashuka? Shule ilitumika kama dirisha la kuitazama kata nzima.

Shule ilikuwa na wanafunzi 640 wanaosoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Timu ilikuwa na machujio ya kutosha watoto 60 tu. Siku ya kazi walifika saa nne na nusu, mwalimu wa afya akawapa mikondo miwili ya zamu ya asubuhi, na kila mkondo ukatoa watoto 30. Ridhaa za wazazi zilikuwa zimekusanywa kwa mikondo hiyo tangu wiki iliyotangulia.

## Kilichotokea

Kati ya watoto 60, wawili walikutwa na mayai. Wote wawili walipewa dawa siku hiyohiyo.

Kijana wa takwimu alirudi ofisini akafanya hesabu aliyofundishwa chuoni. Uwiano wa sampuli ni 2/60, yaani 3.3%. Kosa sanifu, ambalo ni kipimo cha jinsi uwiano unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, hupatikana kwa kanuni √(p(1−p)/n), ambapo p ni uwiano na n ni ukubwa wa sampuli, naye alipata 2.3%. Akazidisha kwa 1.96, akatoa na kujumlisha, akapata masafa ya imani ya 95%, yaani mipaka inayotarajiwa kukishika kiwango halisi mara 95 kati ya 100, kuanzia −1.2% hadi 7.9%.

Alama ile ya kutoa ilimsumbua, maana maambukizi hayawezi kuwa chini ya sifuri. Akaifuta, akaandika "0% hadi 7.9%". Sentensi iliyofuata kwenye ripoti ilisema kwamba, kwa kuwa ukomo wa juu uko chini ya 10%, kata imeshavuka mpaka, na inapendekezwa kingatiba ya kila mwaka isitishwe.

Ripoti ilinifikia Jumatatu, na kikao kilikuwa Alhamisi. Nilimpigia simu kijana yule nikamuuliza kama alikagua masharti ya kutumia mkunjo wa kengele.

"Nilikagua, mwalimu," akanijibu. "Sampuli ni 60. Imepita 30 mara mbili."

Nikamuuliza ile namba ya chini ya sifuri aliiona kuwa ni nini. Akasema aliichukulia kama tatizo la kompyuta, la kusahihishwa kwa mkono. Sikumlaumu, kwa sababu nimeona watu wazima wenye shahada za juu wakifanya hivyohivyo. Lakini namba ile ilikuwa ndiyo dalili pekee iliyokuwa ikipiga kelele kwamba hesabu imejengwa juu ya umbo lisilokuwepo, na yeye aliizima.

## Sampuli nyingine ambazo hatukuzichukua

Jumanne tulikaa pamoja mezani, na kabla ya kanuni yoyote nilimwomba afikirie jambo moja. Tuseme kiwango halisi cha shule ile ni hicho hicho 3.3%. Tuseme pia kwamba siku ile zilitumwa timu elfu kumi, kila moja ikaokota watoto wake 60 kwa bahati nasibu, ikapima na kurudi na asilimia yake. Timu moja itarudi na sifuri, nyingine na 1.7%, nyingine na 5%. Ukizipanga asilimia hizo zote kwenye chati unapata mgawanyo wa uwiano wa sampuli. Ripoti yake ilikuwa ni timu moja tu kati ya hizo elfu kumi, na ile ±4.5% aliyoiandika ilikuwa ni dai kuhusu umbo la chati nzima ambayo hakuiona.

Chati hiyo ina mambo mawili yasiyotegemea umbo lake. Kwanza, kitovu chake kinakaa kwenye kiwango halisi, yaani ukizichanganya asilimia za timu zote, wastani wake ni 3.3%. Pili, upana wake ni √(p(1−p)/n), mradi kila mtoto amechaguliwa bila kumtegemea mwingine. Hayo mawili ni kweli hata sampuli ikiwa ndogo. Kinachohitaji sharti la ziada ni jambo la tatu: kwamba chati ina umbo la kengele, lenye mabega sawa kushoto na kulia. Ile 1.96 inatoka kwenye kengele. Pasipo kengele haina kazi.

Tukafungua programu ya R ili aione chati kwa macho yake:

```r
x <- rbinom(10000, 60, 2/60)
table(x) / 10000
```

Kilichotokea kwenye skrini hakifanani na kengele. Kati ya kila timu 100, kama 13 zinarudi bila mgonjwa hata mmoja. Kama 27 zinarudi na mmoja, kama 28 na wawili, 18 na watatu, 9 na wanne, kisha mkia unaendelea kulia kwa watano, sita na kidogo zaidi. Upande wa kushoto chati inagonga ukuta wa sifuri na kukatika wima, wakati upande wa kulia inajikokota. Tena ni ngazi chache zilizotengana, kwani kutoka mtoto mmoja hadi wawili asilimia inaruka 1.7 kwa mpigo.

Kengele yenye kitovu na upana huohuo ingeweka takribani 7.5% ya uzito wake chini ya sifuri, mahali ambapo hakuna sampuli inayoweza kufika. Hiyo ndiyo −1.2% aliyoifuta. Uzito huo uliowekwa pasipowezekana haupotei hivihivi. Umetolewa upande wa kulia, kwenye viwango vya juu, ambavyo ndivyo vilivyokuwa na maana kwa uamuzi wetu.

Nikamwomba atazame zile timu 13 zilizopata sifuri. Kanuni yake ingewapa nini? Sifuri mara chochote ni sifuri, kwa hiyo kosa sanifu ni sifuri, na masafa yao ya imani yangekuwa kuanzia 0% hadi 0%. Timu imepima watoto 60 tu, halafu inatangaza kwa uhakika kamili kwamba shule ya watoto 640 haina kichocho! Timu hizo zote zimekosa kiwango halisi. Ukiongeza chache zilizopata wagonjwa saba au zaidi, ambazo nazo zinakosa kwa upande wa pili, masafa yanayoitwa ya 95% yanakishika kiwango halisi karibu mara 86 au 87 tu kati ya 100.

Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akasema jambo ambalo nalikumbuka: "Kwa hiyo 95 ilikuwa ni jina tu."

## Kwa nini 10, na si 30

Sharti lenyewe ni rahisi kulisema. Idadi unayoitarajia ya wenye sifa, np, iwe 10 au zaidi, na idadi ya wasio nayo, n(1−p), nayo iwe 10 au zaidi. Baadhi ya vitabu hutumia 5, ila mimi sikubaliani navyo pale ambapo uamuzi unahusu afya ya watoto. Kwa sampuli yetu, wasio na kichocho walikuwa 58, hapo hakuna tatizo. Wenye kichocho walikuwa 2. Sharti limeshindwa vibaya, na ukubwa wa jumla ya 60 hausaidii chochote.

Wengi huikariri 10 kama mstari wa sala bila kujua ilikotoka. Inatoka kwenye ule ukuta wa sifuri. Karibu kengele yote inakaa ndani ya makosa sanifu matatu kila upande wa kitovu chake. Ili kengele iingie bila kugonga ukuta, kitovu kinapaswa kuwa mbali na sifuri kwa makosa sanifu matatu au zaidi, yaani p ≥ 3√(p(1−p)/n). Piga kipeo cha pili pande zote mbili, gawanya kwa p, zidisha kwa n, utapata np ≥ 9(1−p). Pale p ilipo ndogo, upande wa kulia unakaribia 9, nasi tunaizungusha kuwa 10. Ukuta wa pili uko kwenye 100%, na hesabu hiyohiyo ndiyo inayodai n(1−p) nayo iwe 10.

Hapo unaona kwa nini 30 si kipimo hapa. Kwa kiwango cha 50%, watoto 30 wanatoa 15 kwa 15, na kengele inakaa vizuri. Abraham de Moivre, aliyeichora kengele hii kwa mara ya kwanza mwaka 1733, alikuwa akishughulika hasa na hali ya sarafu isiyoegemea upande. Kwa kiwango cha 3.3%, ili kutarajia wagonjwa 10 unahitaji watoto 300. Kwa kiwango cha 1% unahitaji 1,000. Ukubwa wa sampuli unaotosha unategemea uhaba wa kitu unachokitafuta.

Kijana aliuliza swali zuri: sharti likaguliwe kwa p ipi, ikiwa ile halisi hatuijui? Jibu linategemea unachofanya. Ukitafuta masafa ya imani, huna budi kutumia uwiano wa sampuli, ambao kwa hesabu hiyo ni kuhesabu tu waliopatikana: je, wamefika 10? Ukipima dai fulani, kama "kiwango ni 10%", unatumia kiwango cha dai, kwa sababu unauliza sampuli zingeonekanaje dai hilo lingekuwa kweli. Kwetu 60 × 0.10 ni 6. Kwa njia zote mbili sharti halikutimia.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubadilisha hesabu kwa data ileile kabla ya Alhamisi. Njia mbili zilikuwepo. Moja ni masafa ya Wilson ya mwaka 1927. Badala ya kuweka kengele juu ya uwiano wa sampuli, njia hii inauliza ni viwango vipi halisi ambavyo vingeweza kuzaa sampuli tuliyoiona bila ajabu. Nyingine, ya Clopper na Pearson ya mwaka 1934, haitumii kengele kabisa na inahesabu moja kwa moja kwa mgawanyo wa binomia.

```r
prop.test(2, 60, correct = FALSE)$conf.int
binom.test(2, 60)$conf.int
pbinom(2, 60, 0.10)
```

Mstari wa kwanza, ambao ndio Wilson, ulitoa 0.9% hadi 11.4%. Wa pili ulitoa 0.4% hadi 11.5%. Wa tatu ulisema kwamba kama kiwango halisi kingekuwa 10% kamili, sampuli ya watu 60 ingeleta wagonjwa wawili au pungufu mara 5.3 kati ya 100. Kwa kengele, jibu hilo lingekuwa 4.3. Tofauti ni ndogo, lakini zinaangukia pande mbili za mstari wa 5% ambao ofisi nyingi huutumia kukata shauri. Mimi nisingekata shauri la kusitisha dawa kwa tofauti kama hiyo, upande wowote itakapoangukia.

Kwa namba hizo mpya ukomo wa juu ulivuka 10%. Sentensi ya kusitisha kingatiba haikuwa na mguu wa kusimamia, na mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele alikubali iondolewe. Alisema kwenye kikao, "Bora tuseme hatujajua kuliko kuwanyima watoto dawa kwa kubahatisha." Kikao kilipanga sampuli ya pili.

Uamuzi wa pili ulihusu ukubwa wa sampuli hiyo. Kwa kiwango cha 10% watoto 100 wangetosha kutimiza sharti, lakini hatukujua kama kiwango ni 10%. Tulitaka kengele ishike hata kiwango kikiwa 5%, na 10 gawanya kwa 0.05 ni 200. Mratibu aliomba machujio 200 akapata.

Uamuzi wa tatu ndio uliobadilisha kila kitu, na nakiri ulitoka kwa mtaalamu wa maabara wala si kwangu. Aliuliza, "Mbona watoto wa kule bondeni sikuwaona siku ile?" Kulikuwa na kitongoji kimoja kilicho kando ya kijito, mwendo mrefu kutoka shuleni, na watoto wake karibu wote walikuwa wamepangwa zamu ya mchana ili wasitembee gizani alfajiri. Timu ilipima zamu ya asubuhi pekee.

Basi safari ya pili daftari la shule lote, zamu zote mbili, lilipewa namba kuanzia 1 hadi 640, na kompyuta ikachagua kwa `sample(640, 200)`. Ridhaa ziliombwa upya kwa waliochaguliwa. Fomu iliongezwa safu ya kitongoji kabla kazi haijaanza. Watoto tisa hawakuwepo siku ya upimaji. Mwalimu wa afya alitaka kuweka wengine mahali pao, nasi tukamwomba asifanye hivyo. Mtoto asiyekuja shule anaweza kuwa hakuja kwa sababu anaumwa. Tulirudi wiki iliyofuata tukawapata wote tisa.

## Matokeo

Kati ya watoto 200, 26 walikuwa na mayai. Ni 13%. Wenye sifa 26, wasio nayo 174, kwa hiyo sharti la umbo lilitimia.

Sharti jingine, hata hivyo, lilivunjika, na hili watu hulitafsiri kinyume mara nyingi. Kanuni ya kosa sanifu inachukulia kwamba kila uchaguzi ni huru, kana kwamba mtoto aliyepimwa anarudishwa kundini na anaweza kuchaguliwa tena. Hatufanyi hivyo, ila sampuli ikiwa chini ya 10% ya kundi zima, tofauti haionekani. Wale 60 wa kwanza walikuwa 9.4% ya shule. Wale 200 ni 31%. Watu wengi hudhani kuvunja sharti hili kunaharibu matokeo, ilhali kunamaanisha tumeshajua sehemu kubwa ya shule, na kuyumba kwa kweli ni kudogo kuliko kanuni inavyosema. Marekebisho yake ni kuzidisha kosa sanifu kwa √((N−n)/(N−1)), ambapo N ni idadi ya kundi zima; kwetu ni √(440/639), yaani 0.83. Kosa sanifu lilishuka kutoka 2.4% hadi 2.0%, na masafa ya imani kwa shule hii yakawa 9.1% hadi 16.9%.

Masafa hayo bado yanaigusa 10%. Hatukuweza kusema kwa 95% kwamba shule iko juu ya mpaka. Tuliweza kusema kwamba hakuna msingi wa kusema iko chini, na kwamba kadirio bora liko juu. Kingatiba iliendelea. Marekebisho yale yanahusu shule tu, kwani watoto 640 ndio kundi tulilolichovya. Kwa kata nzima tusingeruhusiwa kuyatumia, na ripoti ililisema hilo waziwazi.

## Uchambuzi: nini kilifaa, nini kilishindwa

Swali nililojiuliza baadaye ni hili: kama ripoti ya kwanza ingetumia Wilson tangu mwanzo, kisa kingekwisha vizuri? Nusu tu. Wilson angezuia uamuzi mbaya, kwa kuwa 11.4% ingewafanya wasite. Lakini asingewapa namba sahihi. Kama kiwango cha shule kilikuwa 13% hivi, sampuli ya kweli ya nasibu ya watoto 60 ingeleta wagonjwa wawili au pungufu takribani mara 1.2 tu kati ya 100. Inawezekana, ila maelezo rahisi zaidi ni kwamba sampuli ile haikutoka kwenye shule tuliyodhani inatoka. Ilitoka kwenye zamu ya asubuhi. Hakuna kanuni ya masafa, iwe ya kengele au ya binomia, inayoweza kumhesabu mtoto ambaye hakuwa na nafasi ya kuchaguliwa.

Hivyo masharti yana mpangilio, na sisi tuliyakagua kwa kurudi nyuma. La kwanza ni unasibu, kwamba kila mtoto alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuingia. Likikosekana, kitovu cha chati kimehama na hakuna wa kukirudisha. La pili ni uhuru wa uchaguzi, ambalo likikosekana upana ni wa uongo. La tatu ni lile la 10 na 10, ambalo likikosekana umbo si kengele. Mimi nilianza na la tatu kwa sababu ndilo lililoonekana kwenye karatasi. Ningeanza na la kwanza, ningeuliza zamu ya mchana iko wapi siku ya Jumatatu, na mtaalamu wa maabara asingelazimika kunikumbusha.

Hilo la pili linahitaji maelezo kidogo, maana kwenye sampuli ya kwanza lilivunjika kwa njia hatari zaidi kuliko kwenye ya pili. Watoto wa mkondo mmoja mara nyingi ni majirani. Wanaoga kijito kimoja au hawaogi kabisa. Ukishampima mmoja umeshajua kitu kuhusu aliyekaa naye, kwa hiyo mtoto wa pili hakuletei habari mpya nzima. Kadiri ya hasara hupimwa kwa 1 + (m−1)ρ, ambapo m ni idadi ya watoto kwa kila mkondo na ρ ni jinsi wanavyofanana. Tuseme ρ ni 0.1 tu, ambayo haionekani kuwa kubwa. Kwa watoto 30 kila mkondo tunapata 1 + 29 × 0.1, yaani 3.9. Watoto 60 wanabeba habari za watoto 15 hivi. Kuchukua sehemu kubwa ya kundi hupunguza kuyumba, na kuchukua watoto kwa mafungu huongeza. Mambo yote mawili huitwa kukosa uhuru, lakini yanavuta pande tofauti, na la mafungu ndilo linaloumiza.

Kilichofaa ni ile safu ya kitongoji. Kati ya wagonjwa 26, 19 walitoka kitongoji cha bondeni, ambacho kilikuwa na watoto 48 kwenye sampuli. Hiyo ni 40%. Wagonjwa 19 na wazima 29, kengele inaruhusiwa, na masafa yake hata bila marekebisho ya kundi dogo ni 26% hadi 53%. Wastani wa shule ulikuwa umeficha mahali penye moto.

Kwa vitongoji vingine vyote waliobaki walikuwa 7 kati ya 152. Kijana wa takwimu ndiye aliyeandika sehemu hiyo ya ripoti, nami sikuwepo. Aliona 7, hajafika 10, akaiacha kengele na kutumia Wilson. Alipata 2.2% hadi 9.2%, akaandika chini yake kwamba masafa hayo ni ya watoto wa shule waliopimwa mkojo mara moja tu, na kwamba mkojo mmoja huweza kuukosa ugonjwa mwepesi, kwa hiyo hata ukomo wa juu usichukuliwe kuwa dari ya maambukizi yote. Kisha akapendekeza dawa iendelee kote, na kijito cha bondeni kikaguliwe konokono kabla ya mvua za masika.